Ndoo ya Mwezi wa Kwanza

Yeyote aliyewahi kupita stendi ya mabasi ya Singida mjini alfajiri, upepo ukivuma na watu wamejitanda makoti na vitenge, atakuwa amewaona vijana waliopata kazi wakisindikizwa. Ndugu na marafiki huja nao mpaka mlango wa basi, kila mmoja na kifurushi mkononi. Nami nimesindikiza mara nyingi, na leo napenda tuzungumze juu ya vifurushi hivyo, kwa maana nimegundua, tena kwa kuchelewa, kwamba vingi tunavinunua kwa ajili ya macho ya wale wanaobaki stendi.

Miaka michache iliyopita kijana wa jirani yetu alipangiwa kufundisha katika shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Iramba. Sisi marafiki wa familia tulimfanyia tafrija. Akapewa saa kubwa ya ukutani yenye picha yake katikati, maua ya plastiki ndani ya chombo cha kioo, na shuka za kitanda kipana za rangi ya waridi. Tulipiga makofi. Wiki ya tatu mama yake alikuja kwangu kimya kimya kuazima fedha. Kijana alikuwa amempigia simu kusema kwamba chumba alichopewa hakina kitanda, maji huchotwa mbali, naye huazima ndoo ya mwalimu mwenzake jioni, baada ya mwenyewe kumaliza kuitumia. Usiku alisahihisha madaftari kwa mwanga wa simu mpaka simu ikazimika. Mshahara ulikuwa haujaingia. Alikuwa amekwisha kuanza kusema kwamba atarudi mjini, heri auze vocha.

Saa yetu ya ukutani ilikuwa bado imo ndani ya boksi lake. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa udongo, na kila msumari uliopigwa ulitoka na bonge la ukuta.

Hapana budi tueleze kwanza kwa nini mwezi wa kwanza huwa mgumu hata kwa mtu aliyepata kazi nzuri ya serikali, kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba mtu akishika barua ya ajira ameshika na fedha. Sivyo. Mwajiriwa mpya huripoti na vyeti vyake halisi, picha, kitambulisho cha taifa na hesabu yake ya benki, kisha taarifa hizo huingizwa katika orodha ya mishahara. Orodha hiyo hufungwa kabla mwezi haujaisha. Aliyeripoti baada ya kufungwa, au ambaye jina la kwenye cheti halikulingana na la kwenye kitambulisho, husubiri mwezi unaofuata, na pengine zaidi. Haki yake haipotei, maana huja baadaye kama malimbikizo. Lakini malimbikizo hayapiki ugali wa leo. Posho ya kujikimu anayostahili mwajiriwa mpya ni ya siku chache tu, na mara nyingine nayo huchelewa.

Kisha mshahara wenyewe ukija, hauji wote. Tuchukue kila shilingi 100,000 za mshahara wa msingi wa mtumishi wa umma aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Hapo hukatwa shilingi 5,000 za mfuko wa hifadhi ya jamii, shilingi 3,000 za bima ya afya, na shilingi 15,000 za kurejesha mkopo. Jumla ni shilingi 23,000, kabla hatujataja kodi ya mapato wala ada ya chama cha wafanyakazi. Wakati huo huo rafiki zake mjini wanamwandikia wakimwuliza lini atawaita kusherehekea mshahara wa kwanza! Mimi hukasirika nisikiapo maneno hayo, hata yakisemwa kwa utani, kwa kuwa kijana mwenye haya hukopa ili asionekane mchoyo.

Basi, mwaka uliofuata binti wa nyumba ya pili alipopangiwa uuguzi katika zahanati moja ya wilaya ya Mkalama, tulikutana watu saba tukiwa tumekwisha kuonywa na yale ya mwalimu. Tulikubaliana kwamba asiwepo mtu wa kununua kitu peke yake bila wenzake kujua. Shangazi mmoja, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwuguzi wa kijijini, ndiye aliyetuongoza. Alisema tusianze kwa kuuliza tumpe kitu gani, bali tufikirie siku yake moja tangu anapoamka mpaka anapolala, na kila mahali mkono wake unapofika, tuweke kitu hapo.

Ataamka na kuhitaji maji: tukaandika ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, na kikombe cha kuchotea. Ndoo hiyo ikawa pia ndiyo sanduku la safari, kwa maana vitu vingine vyote vilipangwa ndani yake. Atapika chai na ugali: sufuria mbili zinazoingiana, mwiko, kisu, sahani, kijiko. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku kwetu zina baridi ya kuuma, naye alikuwa anaondoka mwezi wa sita: tukaandika blanketi, si shuka za waridi. Usiku atahitaji mwanga: taa ndogo ya sola yenye tundu la kuchajia simu. Unga kilo 5 na maharage kilo 2 viliwekwa katika mfuko wa pembeni. Mtu mmoja alitaka tuongeze gunia la mkaa. Tukamkatalia, kwani mkaa anaokwenda nao mtu kutoka mjini kwenda kijijini ni sawa na kubeba mchanga kwenda mtoni.

Vitu viwili vilitupa kazi zaidi ya vyote, na hivyo ni mafuta ya alizeti na asali. Singida ni nchi ya vitu hivyo viwili, na kwa sababu hiyo watu huvinunua wamefumba macho, wakidhani kila kilichouzwa Singida ni kizuri.

Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa katika mashine ndogo za mjini na vijijini hutoka yakiwa na vumbi la mashudu ndani yake. Yakimiminwa siku hiyo hiyo ndani ya chupa na kufungwa, vumbi lile hushuka chini, na likiwa na unyevu huyaharibu mafuta yaliyo juu. Yafaa kuyaacha yatulie siku kadhaa ndani ya chombo kilichofunikwa, mahali pasipo jua, kisha kuyamimina polepole yale maangavu na kuliacha tope chini. Dalili ya maji kubaki ndani ni kwamba mafuta yakipata moto hupasuka na kurukaruka kabla ya kutulia. Dalili ya mafuta yaliyochacha ni harufu inayofanana na ya rangi ya mlango au karanga zilizokaa sana, na ladha inayokwaruza kooni. Basi kabla ya kununua, omba tone moja kiganjani, sugua, nusa, kisha lamba. Mwuza mafuta mazuri hatachukia.

Tulinunua lita 2. Mtu mmoja anayetumia vijiko vitatu vikubwa kwa siku atakaa nazo wiki sita, yaani atavuka mwezi wa kwanza na kugusa wa pili. Kuna mwenzetu aliyeleta dumu la lita 5 akisema la kijana mkarimu ni kubwa; lakini tulipolifungua lilinuka mafuta ya taa. Chombo kilichowahi kubeba mafuta ya taa hakioshwi kikaisha harufu, hata kwa majivu na maji ya moto, na chakula chote kitakachopikwa kitabeba harufu hiyo. Tulitumia chupa mpya, tukaacha nafasi ya vidole viwili juu ili mafuta yakipata joto ndani ya basi yapate pa kupandia, tukaweka kipande cha nailoni chini ya kizibo, tukaisimamisha chupa katikati ya sufuria na kuizungushia kanga kuukuu.

Kuhusu asali, wengi humwamini muuzaji anayewasha kijiti cha kiberiti kilichochovywa, au anayedondosha tone ndani ya glasi ya maji. Majaribio hayo hayaamui jambo. Wengine huikataa asali iliyoganda wakidhani ni sukari. Kumbe asali halisi huganda yenyewe, hasa wakati wa baridi, na ukiitia chupa ndani ya maji ya uvuguvugu hurudi kuwa majimaji. Usiichemshe, maana moto mkali huipotezea harufu na rangi yake.

Adui mkubwa wa asali ya zawadi ni maji. Asali iliyovunwa kabla nyuki hawajaifunika masega huwa na maji mengi, na huchacha njiani. Hapa ipo njia rahisi ambayo mtu yeyote aweza kuitumia dukani penye mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya asali iliyokomaa hukaribia kilo 1 na gramu 400. Tulipima chupa tupu kwanza, kisha tukaipima ikiwa imejaa asali mpaka alama ya lita. Muuzaji wa kwanza asali yake ilipungua sana chini ya hapo, nasi tukamshukuru na kuondoka. Wa pili ilifika. Lakini nisimdanganye msomaji: mizani hufichua maji, haifichui sukari iliyochemshwa ikawa nzito. Kwa hilo bado unahitaji muuzaji unayemfahamu, anayeweza kukuambia asali yake imetoka msitu gani na imevunwa lini. Yetu ilitoka upande wa Itigi. Ukiona baada ya siku chache povu juu, harufu ya uchachu, au kizibo kinachopiga mlio kikifunguliwa, basi imeanza kuchacha. Na jambo jingine la kufahamika: kama rafiki yako anakwenda kazini na mtoto mchanga, mwambie waziwazi kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, hata iwe safi namna gani, kwa kuwa inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa kulegea mwili.

Ndoo ilipojaa, shangazi akatoa kifurushi kidogo mfukoni mwake. Kilikuwa ni saa, wala si ya ukutani. Ilikuwa saa ndogo ya kubandika kifuani, yenye mshale wa sekunde. Alieleza kwamba mwuguzi haifai avae saa mkononi anapoosha vidonda na kuzalisha, kwani vijidudu hukaa chini ya mkanda; lakini hawezi kufanya kazi bila mshale wa sekunde. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Mwenye umri wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au mwenye mwaka 1 mpaka 5 akifikisha 40, hizo ni pumzi za haraka, na mwuguzi hushuku homa ya mapafu. Ukihesabu kwa kukisia, unampa dawa asiyehitaji na kumrudisha nyumbani anayehitaji. Shangazi alimwambia binti maneno machache tu: saa hii nilipewa na mwenzangu nilipoanza, nimebadilisha betri, sasa ihesabie wengine.

Binti alilia hapo. Mafuta na blanketi vilikuwa vimemwambia kwamba tunamjali. Saa ilimwambia kwamba mtu aijuaye kazi hiyo anamwona kuwa mwuguzi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta katika kila kazi kile kitu kimoja kidogo ambacho wenye kazi wenyewe ndio wanaojua thamani yake. Kwa mwalimu ni boksi la kalamu nyekundu, ambazo huisha upesi kuliko mshahara. Kwa fundi umeme anayeanza ni bisibisi ya kupimia umeme iliyo nzima. Usipojua, mwulize mtu wa kazi hiyo, usimwulize muuza duka.

Fedha nazo tulizitoa, lakini kwa bahasha tatu zenye kiasi kidogo kidogo, kila moja imeandikwa wiki yake ya kufunguliwa. Baadaye alinieleza kwamba bahasha ya wiki ya tatu ndiyo iliyomlipia nauli ya kwenda makao ya wilaya kusahihisha herufi moja ya jina lake iliyokosewa. Bila hiyo mshahara wake ungechelewa mwezi mwingine.

Sasa niguse, kwa ufupi, rafiki aliyepandishwa cheo, maana wasomaji kadhaa wameniuliza kama ndoo hii inamfaa naye. Haimfai. Huyu ana ndoo nyumbani. Shida yake ni nyingine: jana mlikuwa mkila pamoja chini ya mwembe, leo yeye ndiye anayetia sahihi ruhusa yako ya likizo. Zawadi uliyokuwa na haki ya kumpa juzi, leo ina maana mpya hata kama moyo wako haujabadilika. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawawekea mipaka ya kupokea zawadi viongozi wanaotajwa humo. Nayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haijali kama bahasha tumeiita pongezi au soda; huangalia kama faida hiyo imetolewa iwe kishawishi au malipo ya kutenda jambo la kazi. Kwa hiyo mimi hujiuliza maswali mawili kabla ya kununua chochote. Je, ninalo jambo lolote mezani kwake, kama uhamisho, tathmini au zabuni ya ndugu yangu? Na je, naweza kumkabidhi mbele ya wafanyakazi wote saa nne asubuhi? Nikiwa na jambo mezani, humwandikia barua tu. Barua hiyo haiwi ya kumsifu kwa jumla. Hueleza tukio moja nililomwona akifanya kazi vizuri, siku yenyewe na jinsi ilivyokuwa. Naijua karani mmoja aliyeitunza barua ya namna hiyo ndani ya droo yake miaka yote, wakati soda za siku ile hakuna anayezikumbuka.

Wafanyakazi wakichanga kwa pamoja kila mtu kidogo, na wakakabidhi hadharani, zawadi ndogo haina ubaya. Kwa mwanamke wengi huchagua doti ya kanga, nayo ni zawadi njema mradi usome jina lake kabla ya kulipa. Katika ofisi moja ninayoifahamu akina mama walimnunulia mwenzao aliyekuwa mkuu wa kitengo kanga ya rangi nzuri sana, yenye jina linalowasema wenye wivu. Hawakuwa na nia mbaya. Walivutiwa na rangi. Mwenyewe alijiuliza usiku kucha kama anaambiwa kuwa wenzake wana wivu, au kama wao ndio wanamjibu. Na lau angeivaa ofisini, kila aliyekosa cheo kile angedhani anasemwa yeye. Kanga ile haikuvaliwa hata siku moja. Chagua jina la shukrani au dua, tena lisomeke vilevile hata mtu akilisoma kwa jicho la ubaya. Na kwa kuwa vipande viwili huuzwa vikiwa vimeungana, mpelekee fundi avikate na kuvipinda kabla ya kukabidhi, ili aweze kujifunga siku hiyo hiyo.

Yule mwalimu wa Iramba hakuacha kazi. Mama yake alimpelekea ndoo na taa wiki ile ya tatu, na malimbikizo yake yalikuja mwezi uliofuata. Saa ya ukutani aliipeleka ofisi ya walimu, penye ukuta wa tofali, ambako picha yake inawatazama wenzake mpaka leo, nao wanamtania kila siku.

Binti wa Mkalama alikuja mjini likizo iliyopita. Alishuka kwenye basi na ile ndoo ya lita 20, imeoshwa na mfuniko wake, ndani mna sufuria zile mbili na chupa ya mafuta ikiwa tupu. Alisema yeye amekwisha kununua vyake. Ndoo sasa ipo kwangu jikoni, na juzi nimesikia kwamba kijana wa fundi cherehani amepangiwa kazi Manyoni.